Vijiti Vimejaa, Sauti Inakatika

Siku hizi ugomvi wa mteja na kampuni ya simu huamuliwa kwa skrinishoti. Mteja analalamika kwamba intaneti haiendi. Anaambiwa apime kasi, apige picha skrini, atume. Anatuma, kisha anajibiwa kwamba vijiti vimejaa na kasi ni nzuri, kwa hiyo pengine simu yake ndiyo mbovu. Picha ileile inatazamwa na watu wawili, na wote wawili wanasoma namba moja tu: ile kubwa, yenye rangi ya kung'aa, iliyo chini ya neno Download. Nimefanya kazi za mitandao muda wa kutosha kusema kwamba katika picha nzima, hiyo ndiyo namba yenye machache ya kueleza kuhusu malalamiko mengi ya watu.

Mpwa wangu anafundisha Kiswahili kwa njia ya video. Anaishi Mji Mkongwe, Zanzibar, na wanafunzi wake wengi wako Berlin. Tatizo lake lilikuwa la ajabu kidogo: yeye aliwaona na kuwasikia wanafunzi vizuri kabisa, lakini wao walimsikia sauti ikikatikakatika na uso wake ukiganda mdomo wazi. Aliniandikia: "Shikamoo mjomba. Nitazamie hii picha, huduma kwa wateja wanasema mtandao uko sawa." Juu ya picha palikuwa na alama ya 4G na vijiti vinne, vyote vimewaka. Download ilisoma 31.4 Mbps, Upload 0.9 Mbps. Chini ya neno Ping palikuwa na namba tatu ndogo zilizopangwa mstari mmoja: 38, 210 na 1480, zote kwa milisekunde. Seva ya kupimia ilikuwa Dar es Salaam.

Jibu lote la tatizo lake limo katika picha hiyo. Tuanze na vijiti, maana ndivyo vinavyopotosha mapema kuliko kitu kingine.

Mnara wa 4G hurusha muda wote ishara maalumu ya kujitambulisha, ambayo simu zote zilizo karibu huisikiliza. Simu inapima ishara hiyo imefika na nguvu kiasi gani, inapata namba kwa kipimo cha dBm, kisha inaigeuza namba hiyo kuwa vijiti. Ukitaka kuiona yenyewe, kwenye simu nyingi za Android ingia Mipangilio, Kuhusu simu, halafu Hali ya SIM. Kwenye iPhone piga `*3001#12345#*`. Utaona kitu kama -85 au -106, daima na alama ya kutoa mbele, na kadiri namba inavyosogea kuelekea sifuri ndivyo ishara inavyokuwa na nguvu. Kipimo hiki hakipandi kama rula. Kila hatua ya 3 ni nguvu mara mbili, na hatua ya 10 ni mara kumi.

Hakuna kanuni ya dunia inayosema -106 ni vijiti vingapi. Mtengenezaji wa simu huamua mwenyewe. Julai 2010, wanunuzi wa iPhone 4 walipokuwa wakilalamika kwamba vijiti vinaporomoka wakiishika simu kwa namna fulani, kampuni ya Apple iliandika barua ya wazi ikikiri kwamba hesabu yake ya vijiti ilikuwa na makosa tangu awali, na kwamba mara nyingi simu ilionyesha vijiti viwili zaidi ya ilivyostahili. Mtu alikuwa mahali penye mtandao dhaifu, skrini ikamwambia yuko pazuri. Upande wa Android nako, ndani ya mfumo wenyewe upo mpangilio unaoitwa `inflate_signal_strength_bool`. Kampuni ya simu ikitaka uwashwe kwa wateja wake, kila kipimo huongezewa kijiti kimoja. Soma tena jina lake. Waliolitunga hata hawakujaribu kuficha.

Nilimwomba mpwa wangu aangalie dBm. Ilikuwa -106. Kwa viwango vya kawaida vya Android hiyo ni vijiti vitatu, tena cha tatu chenyewe kimewaka kwa taabu. Skrini yake ilimpa vinne.

Tuseme hata hivyo kwamba vijiti ni vya kweli kabisa. Bado vinapima upande mmoja tu. Unaweza kuisikia adhana kutoka msikiti wa mtaa wa tatu, kila neno, bila mwadhini kukusikia hata ungeitikia kwa sauti yako yote. Mnara una umeme wa kutosha na antena kubwa juu kabisa. Hurusha kwa makumi ya wati. Simu ya mkononi ya 4G kwa kawaida hairuhusiwi kupita takriban wati 0.2, na hiyo ni kwa sababu ya betri na pia kwa sababu tunaiweka karibu na kichwa. Wahandisi hufidia tofauti hiyo kwa kuupa mnara masikio makali sana, lakini fidia ina mwisho. Ukikaa mahali ambapo ishara inafika ikiwa imechoka, upande wa kwanza kuumia ni wa kutoka kwako kwenda mnarani. Vijiti havisemi neno lolote juu ya upande huo.

Ndiyo maana picha ya mpwa wangu ilikuwa na 31.4 upande wa kushusha na 0.9 upande wa kupandisha. Upungufu kidogo ni wa kawaida; mitandao ya simu hujengwa kwa kudhani kwamba watu hutazama zaidi ya wanavyotuma, na kupandisha kukiwa robo au hata sehemu ya kumi ya kushusha si jambo la kushangaza. Lakini kupandisha kukishuka hadi sehemu ya thelathini na tano ya kushusha, simu inakuambia kwamba inapiga kelele na mnara hauisikii vizuri.

Hapa niseme kifupi kuhusu hizo Mbps, kwa sababu watu wengi huzichanganya na MB za bando. Mbps ni megabiti kwa sekunde, bando hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Gawanya kwa nane. Kwa hiyo 31.4 ni karibu megabaiti nne kila sekunde, na 0.9 ni kama sehemu ya kumi ya megabaiti moja. Jambo hili lina gharama pia: kipimo chenyewe hula bando. Kushusha kwa kasi ya 31.4 kwa sekunde kumi na tano humeza karibu MB 60, na anayepima kila saa ili amkomoe mtoa huduma anajikomoa mwenyewe.

Je, 0.9 inatosha kufundishia? Zoom wanaeleza kwamba mazungumzo ya video ya watu wawili yanahitaji takriban kilobiti 600 kwa sekunde kila upande kwa picha nzuri, na megabiti 1.2 kwa picha kali zaidi. Kwa maana hiyo 0.9 ingetosha, kwa shida lakini ingetosha. Mtu wa huduma kwa wateja angeweza kuishikilia hoja hii na kushinda. Ndipo tunapofika kwenye ule mstari mdogo wa Ping, ambao naamini ndio sehemu ya picha iliyostahili kuandikwa kwa herufi kubwa.

Ping ni muda ambao kipande kidogo cha data huchukua kwenda hadi kwenye seva na jibu lake kurudi. Programu ya Speedtest huupima mara tatu: kwanza laini ikiwa imetulia, halafu wakati inashusha kwa nguvu zake zote, halafu wakati inapandisha kwa nguvu zake zote. Wengi huisoma ile ya kwanza, na programu nyingi za kupimia kasi huonyesha ile ya kwanza peke yake. Kwa mpwa wangu ya kwanza ilikuwa 38, na 38 kwa 4G ni nzuri. Ya tatu ilikuwa 1480. Yaani simu yake ilipokuwa ikipandisha kitu, ujumbe ulichukua karibu sekunde moja na nusu kwenda Dar es Salaam na kurudi. Hapo ni ng'ambo ya mkondo wa bahari tu, mwendo wa boti usiofika saa tatu.

Data haikupungua mwendo njiani. Ilikaa foleni. Simu huandaa data haraka kuliko inavyoweza kuirusha, ziada inawekwa mahali pa kusubiri, na kila kinachokuja baadaye husimama nyuma. Hesabu yake ni rahisi. Toa zile 38 za kawaida kwenye 1480, unabaki na kama sekunde 1.44 za kusubiri. Kwa kasi ya megabiti 0.9 kwa sekunde, hiyo ni foleni ya megabiti 1.3, yaani kilobaiti 160 hivi. Haifiki hata picha moja ya kamera ya simu. Picha ya megabaiti 3 kwa kasi hiyo huchukua karibu sekunde 27 kupanda, na kwa sekunde zote hizo sauti ya mwalimu inapita katikati ya vipande vya picha, kila neno likingoja zamu.

Nikamuuliza kama simu yake hupandisha picha mtandaoni yenyewe. "Ndiyo, tangu nilipoinunua," akajibu, "lakini hiyo si kwa ajili ya usalama wa picha?" Ni kwa ajili ya usalama wa picha, sawa. Ila asubuhi alikuwa akipiga picha za ubao na daftari kwa ajili ya somo, na jioni, darasa likiendelea, zilikuwa zikipanda kimyakimya. Kila zilipoanza, sauti yake ilizama. Yeye hakuona dalili yoyote kwa sababu upande wa kushusha, ambako sauti na nyuso za wanafunzi zilipitia, kulikuwa na nafasi tele.

Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lina pendekezo la siku nyingi kwa mazungumzo ya sauti: ikiwa sauti inachukua hadi milisekunde 150 kumfikia msikilizaji, watu huzungumza bila kuhisi chochote, na ikizidi 400 mazungumzo hayafai tena. Hiyo ni kwa safari ya upande mmoja, wakati Ping ni kwenda na kurudi. Hata kama tungezihesabu zile 1480 kwa huruma, sehemu karibu yote ya muda ule ilikuwa upande wa kwenda, kwa kuwa foleni ilikuwa ndani ya simu yake. Darasa lilikuwa limevuka mpaka mbali sana.

Kabla sijaeleza alivyolitibu tatizo, kuna neno moja lililobaki katika picha ambalo halitazamwi na mtu: jina la mji wa seva. Programu huchagua yenyewe seva ya karibu inayojibu upesi, na kwa aliyeko Zanzibar hiyo mara nyingi ni Dar es Salaam. Wanafunzi hawako Dar es Salaam. Mwanga ndani ya waya wa faiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za njia zinagharimu milisekunde moja kwenda na kurudi. Berlin iko takriban kilomita 6,900 kwa mstari ulionyooka, na mstari huo peke yake ungedai karibu milisekunde 70. Lakini nyaya za baharini hazinyooki hivyo. Zinazunguka Pembe ya Afrika, zinapanda Bahari ya Shamu, zinapita Misri na kuingia Mediterania. Kuiona 130 au zaidi kuelekea Ujerumani kusimshtue mtu, na hakuna bando la kasi kubwa litakalopunguza umbali. Gusa jina la seva kwenye programu, chagua ya Frankfurt, pima tena, nawe utapata namba inayofanana zaidi na maisha yako.

Tofauti ya seva ya nyumbani na ya mbali si ndogo hata kidogo. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota vibaya. Katika hali ya namna hiyo mtu anaweza kupima kwa seva ya mjini kwake, akapata Ping ya 30 na kasi ya kuringia, huku ukurasa ulioko Ulaya ukigoma kufunguka. Kipimo kinakuwa hakijasema uongo. Kimepima barabara ya kutoka kwako hadi bandarini, na daraja limevunjika mbele ya hapo. Wenye umri wangu pia wanakumbuka enzi kabla ya Seacom kutia nanga mwaka 2009, data zetu zilipopita setilaiti iliyo juu kilomita karibu 36,000. Ping haikuweza kushuka chini ya takriban 480 hata anga likiwa safi, kwa sababu mwanga wenyewe ulihitaji muda huo kupanda na kushuka mara mbili.

Turudi Mji Mkongwe. Nyumba anayokaa ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake ni nene kama nusu mita, na yeye alikuwa akifundishia chumba cha ndani kabisa kwa sababu huko hakuna kelele za pikipiki. Nilimwambia afanye mambo mawili: asimamishe upandishaji wa picha wakati wa somo, na asogee dirishani.

Dirishani dBm ikasoma -94. Vijiti vikabaki vinne vilevile. Skrini haikuona tofauti yoyote, ilhali kutoka -106 hadi -94 ni hatua 12, yaani nguvu ya ishara iliongezeka karibu mara kumi na sita. Akapima tena. Download ikasoma 33.0, kutoka 31.4, tofauti ambayo hupatikana hata ukipima mara mbili mfululizo bila kusogea. Upload ikapanda kutoka 0.9 hadi 7.8. Ping ya kwanza ikawa 36, na ile ya tatu ikashuka kutoka 1480 hadi 170.

Zitazame picha mbili hizo kama afisa wa huduma kwa wateja anavyozitazama: vijiti vinne na vijiti vinne, 31 na 33. Hakuna kilichobadilika. Kwa wanafunzi wa Berlin kila kitu kilibadilika. Ndiyo sababu nina kinyongo na matangazo ya barabarani yanayojisifu kwa kasi ya kushusha peke yake. Ningependa mamlaka za mawasiliano, TCRA kwetu na CA kwa jirani zetu wa Kenya, zizilazimishe kampuni kutangaza pia kasi ya kupandisha na ucheleweshaji wakati laini imejaa, kwa herufi zenye ukubwa uleule. Mtu anayefundisha, anayeuza kwa matangazo ya moja kwa moja au anayeongea na daktari kwa video hununua vitu hivyo viwili hata kama hajui majina yake.

Dirisha nalo lina kikomo chake. Saa tatu usiku, akiwa palepale, alipima mara nyingine: -94, vijiti vinne, Download 3.6, Upload 5.1, na Ping ya kwanza 95. Angalia mpangilio uliogeuka. Safari hii kushusha ndiko kulikoanguka, kupandisha kumepungua kidogo tu, na ucheleweshaji umepanda hata laini ikiwa imetulia. Ishara inayopimwa kwa vijiti hurushwa na mnara kwa nguvu ileile ukiwa na watumiaji watatu au mia tatu, kwa hiyo haiwezi kamwe kuonyesha msongamano. Kushusha kukianguka saa za usiku tu, dBm ikiwa haijatikisika, na mchana kukarudi juu, mnara umelemewa: mtaa mzima uko kwenye video kwa wakati mmoja, na kila mtu anakatiwa kipande chake. Kusogea, kuzima simu na kuiwasha, kubadilisha simu, hakuna kitakachosaidia. Ni kampuni ndiyo inayotakiwa kuongeza masafa au mnara mwingine.

Sababu nyingine inayofanana na hiyo ni bando la kasi kumalizika na mtoa huduma kuibana laini. Hiyo utaitambua kwa namba kuganda mahali pamoja: kila ukipima, mchana au usiku, inasoma 1.9, 2.0, 1.9. Msongamano hauna nidhamu hiyo, huyumba. Na kama juu ya picha pana alama ya Wi-Fi badala ya 4G, basi vijiti vile vinapima umbali wa simu na ruta ya sebuleni tu. Ruta yenyewe inaweza kuwa inahangaika na kijiti kimoja nyuma ya kabati, nawe usijue.

Kwa hiyo anayelalamika asitume picha moja. Atume mbili zilizopimwa mahali pamoja, moja saa nne asubuhi na nyingine saa tatu usiku, saa ikionekana juu ya skrini, jina la seva na namba zote tatu za Ping zikiwemo, na ukurasa wa Hali ya SIM ukiambatanishwa. Mpwa wangu alituma hivyo. Jibu la safari hii halikutaja vijiti: aliulizwa jina la mtaa, na saa ambazo tatizo huanza na kuisha.